Nukta kabla ya asante: uchambuzi wa ujumbe uliofika bila swali

Ujumbe wenyewe ni huu, kama ulivyoonekana kwenye skrini ya mhudumu saa 5:42 asubuhi:

```
. Asante sana, kwaheri.
```

Umekuja kwa SMS kwenye namba ya huduma kwa wateja ya kampuni inayosafirisha vifurushi. Namba iliyoutuma haijawahi kuandika hapo. Hakuna salamu, hakuna swali, hakuna namba ya kifurushi. Mfumo umeufungulia tiketi mpya, yaani rekodi ya kufuatilia kisa hadi kiishe, na saa ya kuhesabu muda wa kujibu imeanza kwenda.

Wahudumu wengi hufanya jambo moja kati ya mawili. Wengine hujibu "Karibu tena!" na kufunga tiketi, kwa kuwa mtu akishukuru na kuaga, maana yake kamaliza. Wengine hufunga bila kujibu, kwa kuwa hakuna kilichoulizwa. Njia zote mbili zinaanzia kwenye dhana ileile kwamba ujumbe huu ni mzima, na dhana hiyo ndiyo ya kuchunguza kwanza. Asante ni neno la pili. Hutanguliwa na kitu: msaada, zawadi, jibu, taarifa. Kwaheri nayo hutanguliwa na maongezi. Yakifika peke yake, kuna nusu iliyobaki mahali fulani, na kazi ya mhudumu ni kujua ilibaki wapi. Je, ilikuwa upande wetu, yaani sisi ndio tuliomwandikia kwanza? Ilikuwa upande wake ikapotea njiani? Au ilikuwa ya watu wengine kabisa, na sisi tumepokea barua isiyo yetu?

Kabla ya kuchunguza, dakika moja ya kusubiri haipotezi kitu. Wapo watu wanaoandika vipande vipande, na asante ikatangulia swali kwa sekunde 20 au 30. Ukiwahi kujibu "Karibu tena", jibu lako linapishana na swali lake njiani, naye analisoma kama kufukuzwa mlangoni. Kwenye gumzo la tovuti utaona alama kwamba anaandika. Kwenye SMS hakuna alama hiyo, kwa hiyo unasubiri kwa kukisia tu. Dakika moja hadi mbili zinatosha, na muda huo ndio wa kufungua kumbukumbu.

Mhudumu wa kisa chetu alianza na kumbukumbu, na alifanya vizuri kutafuta kwa tarakimu 8 za mwisho badala ya namba nzima. Namba moja huweza kuhifadhiwa kwa sifuri mwanzoni katika mfumo wa simu, na kwa msimbo wa nchi katika mfumo wa SMS. Ukitafuta nzima, kompyuta itakwambia mtu huyu ni mgeni ilhali amepiga simu mara tatu wiki hii. Kwa tarakimu za mwisho alipata kitu: siku mbili nyuma, mtambo ulimtumia mteja huyu taarifa ya moja kwa moja kwamba kifurushi chake kimefika kituoni na akichukue.

Hapo ndipo mtego ulipo. Taarifa imekwenda, asante imerudi, hesabu inaonekana imekamilika. Ni maelezo yanayoridhisha, na mara nyingi ndiyo ya kweli, maana watu hushukuru taarifa za mitambo kila siku. Lakini katika ujumbe huu yanapingwa na mambo matatu.

La kwanza ni muda. Anayeshukuru taarifa huishukuru anapoisoma, na SMS nyingi husomwa punde tu zinapofika. Asante ya baada ya siku mbili inawezekana, ila si ya kawaida. La pili ni kwaheri. Mtu anaweza kuiandikia taarifa "asante" au "sawa", lakini kuaga ni adabu ya maongezi, na yeye hajaongea na mtu. La tatu ni dogo kuliko yote nalo ndilo lenye nguvu: nukta iliyo mwanzoni. Hakuna anayeanza kuandika kwa nukta. Nukta hufunga sentensi, kwa hiyo kabla yake palikuwa na sentensi.

Kuelewa namna sentensi inavyoweza kukatika kabla ya nukta, inabidi kujua SMS inavyobebwa. Ujumbe mmoja una nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi za kawaida za SMS huchukua biti 7 kila moja, na ndiyo maana zinaingia 160. Ukizidisha hata herufi moja, simu haikukatazi. Inaugawa ujumbe vipande na kuvituma kama SMS zinazojitegemea, kila kimoja kikiwa na lebo ndogo mbele ya kusema ni kipande cha ngapi kati ya vingapi. Lebo hiyo kwa kawaida ni baiti 6, ambazo zinakula nafasi ya herufi 7. Kwa hiyo kila kipande hubaki na herufi 153, na kata hupita pale herufi ya 153 inapoangukia, hata kama ni katikati ya neno. Mwandishi haoni lolote. Kwake ni ujumbe mmoja uliokwenda.

Vipande vikifika upande wa pili, mtambo unaopokea unatakiwa kuvishikilia hadi vitimie, uviunganishe, ndipo umpe mhudumu. Matatizo huwa ya aina mbili. Kuna mitambo isiyounganisha kabisa, inayotupa kila kipande kwenye skrini kwa mpangilio wa kufika; na vipande havilazimiki kufika kwa mpangilio wa kutumwa. Na kuna inayounganisha lakini ina kikomo cha kusubiri. Kikomo kikipita kabla kipande cha kwanza hakijafika, mtambo unaachia kilichopo. Kwa kuwa watu wetu hufunga ujumbe kwa shukrani, kipande cha mwisho kikiachiwa peke yake huwa ni asante tupu.

Fundi akiwa na ruhusa ya kuona kumbukumbu ghafi za mtambo, jambo hili halihitaji kukisiwa. Lebo ya ujumbe wetu ilisomeka hivi:

```
05 00 03 A7 02 02
```

Baiti tatu za mwanzo zinasema tu kwamba hii ni lebo ya ujumbe uliogawanywa. A7 ni alama inayovitambulisha vipande vya ujumbe mmoja. Inayofuata, 02, ni jumla ya vipande, na 02 ya mwisho ni namba ya kipande hiki. Yaani tumepata cha pili kati ya viwili. Cha kwanza, chenye A7 hiyohiyo na kuishia 02 01, hakikuwapo.

Mhudumu wa kawaida hana ruhusa hiyo, wala haihitaji ili ajibu vizuri. Anahitaji kusoma ujumbe kwa jicho la karani anayepokea karatasi iliyochanika. Ujumbe ulioanza kwa nukta, kwa mkato, kwa herufi ndogo pasipo kawaida yake, au kwa kipande cha neno kama "eni. Asante", ni mkia. Tahadhari moja: baadhi ya mifumo husafisha nafasi na alama za mwanzo kabla ya kuonyesha ujumbe, na hapo ushahidi unafutwa kwa nia njema. Kama dawati lenu linapokea asante nyingi zisizo na asili, mwombeni fundi aangalie kama kuna usafishaji wa namna hiyo.

Kuna kisababishi kingine kinachofanya ujumbe mfupi ugawanywe, nacho kinawahusu hasa waandishi wa Kiswahili. Alama ya ritifaa katika "ng'ombe" au "ng'oa" ikiandikwa ikiwa imenyooka haina shida. Lakini baadhi ya simu huigeuza kuwa iliyopinda, na ile iliyopinda haimo katika orodha ya herufi za biti 7. Inatosha moja tu, au emoji moja, ujumbe wote uhamie kwenye mfumo wa biti 16, na hapo kikomo kinashuka kutoka 160 hadi 70, na kila kipande kikigawanywa kinabeba 67. Mtu anaandika sentensi mbili, anaweka emoji ya viganja vya kushukuru mwishoni, na tayari ametuma vipande viwili bila kujua.

Sasa jibu. Kwa kuwa mhudumu hana hakika kama kuna swali, jibu lake linapaswa kumfaa mtu wa aina zote mbili: aliyeuliza na swali likapotea, na aliyekuwa anashukuru tu. Lisimlaumu wa kwanza, lisimsumbue wa pili. Na lenyewe liingie katika SMS moja, maana ni aibu kutuma ombi la kurudiwa swali nalo likafika nusu. Lililotumwa ni hili:

"Tumepokea neno lako la asante tu. Kama uliandika jambo kabla yake, halijatufikia. Tafadhali litume tena kwa ufupi. Kama halikuwepo, hakuna haja ya kujibu."

Ni herufi 154 ukihesabu nafasi na alama. Sentensi ya kwanza inamwambia tulichokiona, ili asidhani tunacho kilichobaki. Ya pili inakubali kwamba kasoro huenda ni yetu. Maneno "kwa ufupi" si adabu tu: akirudia ujumbe uleule mrefu, utagawanywa tena na kupita kwenye mtambo uleule ulioshindwa mara ya kwanza. Ya mwisho inamwachia huru aliyekuwa anaaga, asijione anadaiwa maelezo kwa sababu ya kushukuru.

Jibu linalokosewa mara nyingi hapa ni "Habari, tukusaidie nini?" Halionekani baya. Lakini kwa mtu aliyeandika mistari minne na kumaliza kwa kwaheri, linasema hakuna aliyesoma. Wengine hukasirika, wengine hunyamaza na kwenda kulalamika kwingine. "Karibu tena" ni mbaya zaidi, kwa sababu inamthibitishia kwamba ujumbe wake umepokewa wote na jambo lake limekwisha. Anaketi kusubiri kitu ambacho hakuna anayekishughulikia.

Saa 5:51 mteja alirudi: "Kifurushi changu hakipo kituoni, kiko wapi?" Baadaye fundi alipata kipande kilichokwama, na ukikiunganisha na mkia wake ujumbe wa awali ulikuwa hivi:

"Habari za kazi. Kifurushi changu kimeandikwa kimefika toka juzi lakini nikienda kituoni ninaambiwa hakipo. Naomba mnijulishe kiko wapi na nikichukue lini. Asante sana, kwaheri."

Hesabu kutoka "Habari" hadi "lini" utapata herufi 153 kamili. Nukta ni ya 154, ndiyo maana ilifungua kipande cha pili. Tazama pia jinsi ile taarifa ya siku mbili nyuma, iliyoonekana kama jibu la fumbo, ilivyokuwa ndiyo lalamiko lenyewe. Mteja hakuwa anaishukuru. Alikuwa anasema si ya kweli. Kifurushi kilikuwa kimeskaniwa pamoja na gunia lililokwenda kituo kingine, mfumo ukakihesabu kimefika. Mhudumu angefunga tiketi kwa "Karibu tena", kampuni ingekuwa na rekodi ya mteja aliyeridhika badala ya kifurushi kilichopotea.

Si kila asante ya namna hii ni mkia wa SMS. Kwenye huduma za gumzo zinazopitia intaneti ujumbe haukatwi hivyo, ila kuna ndugu yake: mteja ametuma picha ya risiti na chini yake neno "asante", mtandao ukawa dhaifu, neno likapita na picha ikabaki inazunguka kwenye simu yake. Jibu lilelile linafaa, ukiongeza neno "picha". Kuna pia tiketi zilizofungwa. Mteja anamshukuru mhudumu wa jana, lakini mazungumzo ya jana yameshafungwa, kwa hiyo mfumo unaifanya asante yake kuwa kisa kipya. Hiyo utaijua kwa kutazama historia, na hapo "Karibu tena" ni sahihi kabisa. Iunganishe na tiketi ya zamani badala ya kuihesabu kama mteja wa pili. Na mara mojamoja aliyeandika si mtu: ni mtambo mwingine unaojibu taarifa yako kwa "Asante kwa ujumbe wako". Ukiwa na jibu la moja kwa moja upande wako pia, mitambo miwili itashukuriana usiku kucha.

Lugha yenyewe hutoa dalili ambazo mfumo hauna. "Asanteni" na "kwaherini" ni wingi. Mtu mmoja anayeandikia ofisi huweza kutumia wingi kwa heshima au kwa kuwa ofisi ni watu wengi, lakini wingi ukiambatana na "tuonane kesho" au "safari njema nyote", ujumbe ulikuwa wa kundi lake na umegusa namba yako kwa bahati mbaya. Jibu fupi la kumjulisha lilikofika linatosha. "Asante" pekee, ikija saa hiyohiyo mlipotuma tangazo la ofa, mara nyingi ni kukataa, kama mtu anavyosema asante akisukuma sahani. Anayejibiwa "Karibu! Ungependa kuchukua ofa?" amekatizwa katika kukataa kwake kwa upole. Mwondoe kwenye orodha ya matangazo akikuomba, na usimuulize sababu. "Natanguliza shukrani" ni kinyume chake kabisa: ndiyo asante inayokiri kwamba ombi lipo. Ikifika peke yake, huhitaji hata nukta. Ombi limepotea, au linakuja.

Na kuna kwaheri moja isiyopaswa kuingia katika taratibu hizi. Ikija "asanteni kwa yote", "nisameheni" na "kwaherini" kwa pamoja, pasipo shughuli yoyote inayoihusu, au ikiwa ni neno "buriani", ambalo kwa Kiswahili ni kuagana kwa kuombana radhi na si kuagana kwa jioni, usitume jibu la kuomba swali lirudiwe. Huenda mtu huyo anafikiria kujiua na ameandika kwenye namba ya kwanza aliyoiona. Mjulishe msimamizi hapohapo, na mwandikie wewe mwenyewe kwa maneno ya moja kwa moja: "Nimesoma kwaheri yako na ninataka kujua kama uko salama. Je, unafikiria kujiua?" Kumuuliza mtu waziwazi hakumtii wazo hilo kichwani, na wanaofanya kazi ya kuzuia watu kujiua hufundishwa kuuliza hivyo hasa. Endelea naye wakati msimamizi akitafuta huduma ya dharura au ya ushauri ya mahali alipo, na usifunge mazungumzo kwa sababu muda wa tiketi umekwisha. Ikibainika alikuwa anaaga kazini anapostaafu, umepoteza dakika tano tu.

Kinachobaki katika kisa chetu ni namna kilivyoandikwa. Tiketi ya saa 5:42 haikufungwa kama "pongezi", ambalo ndilo fungu mfumo ulilolipendekeza baada ya kuona neno asante. Iliandikwa "ujumbe pungufu", ikaunganishwa na ile ya 5:51, na dodoso la kuridhika likazuiwa lisitumwe hadi kifurushi kipatikane. Fungu hilo la "ujumbe pungufu" halikuwapo kabla. Mhudumu aliomba liongezwe. Sasa fundi ana mahali pa kuhesabu. Asante za namna hiyo zikifika zikiwa nyingi siku moja kutoka kwa watu wasiohusiana, anajua aanzie kwenye kikomo cha kusubiri vipande, si kwa wahudumu.